Ripoti ya kuhesabu tondo, mikoko ya Kunduchi (kikundi cha watu 4)

Swali letu lilikuwa dogo tu, kwenye kipande cha mikoko cha mita 20 kwa 15 kuna tondo wangapi. Tondo ndo wale konokono wakubwa wa kwenye tope la mikoko, mkubwa anaweza kupita sentimita 10, na watu wa pwani wanawala. Tulimchagua kwa sababu hakimbii, pia gamba lake linakaa na alama. Wazo la kwanza lilikuwa kaa ila kaa anajivua gamba, ukimpaka rangi leo kesho kutwa kashaiacha kwenye shimo.

Mwisho wa siku tumetoka na namba tatu za kipande kilekile: 7,560, halafu 2,520, halafu 1,653. Sehemu kubwa ya ripoti hii ni kueleza kwanini.

Hiyo 7,560 ni aibu yetu ya siku ya kwanza. Tulitengeneza kwadrati, yaani fremu ya mraba ya kuhesabia, kwa bomba za plastiki, nusu mita kwa nusu mita, yaani robo mita mraba, tukawa tunairusha kwa nyuma bila kuangalia tukiamini hiyo ndo bahati nasibu yenyewe. Mara 10. Tukapata tondo 63, wastani 6.3 kwa kila mrusho, na kwakuwa kipande kizima kinaingia kwadrati 1,200 ukizidisha unapata 7,560. Shida ni kwamba anayerusha lazima asimame mahali, na sisi wote tulisimama kwenye kinjia cha wavuvi ambako tope halizami na majani ya mkoko yamejaa chini. Tondo mkubwa anakula hayo majani yakianguka, jani moja unakuta limezungukwa na sita saba. Kwahiyo tulikuwa tunahesabu watu mlangoni mwa hoteli halafu tunasema mtaa mzima uko hivyo. Halafu kwenye mizizi minene kwadrati ikinasa juu mtu anairusha tena, na hiyo hakuna aliyeiandika, nimeikumbuka mimi wakati wa kuandika hapa.

Siku ya pili tukafanya kiutu uzima. Tulivuta kamba mbili, upande mrefu vyumba 40 na mfupi vyumba 30, namba tukazitoa kwenye eksel kabla hatujatoka nyumbani:

```
=RANDBETWEEN(0,39)
=RANDBETWEEN(0,29)
```

Namba ikisema uende katikati ya mizizi unaenda, hata kama tope linafika gotini. Kwadrati ikizuiwa na mizizi tuliifungua upande mmoja tukaipenyeza. Hesabu za kwadrati 20 ni hizi: 0, 3, 0, 1, 7, 0, 2, 0, 0, 12, 1, 0, 4, 0, 0, 2, 9, 0, 1, 0. Jumla 42, wastani 2.1, mara 1,200 ni 2,520. Kila gamba tuligeuza kuangalia ndani maana mengine ni matupu na mengine kahamia kaa, hao hatukuwahesabu.

Sasa ziangalie hizo namba vizuri. Nusu ya kwadrati zina sifuri, na kwadrati mbili tu, ile ya 12 na ya 9, zimebeba tondo 21 kati ya 42, nusu kamili. Bahati ingetuepusha na hizo mbili tungeandika 1,400 na tungelala usingizi mzuri tu. Tondo wamejikusanya, hawajasambaa sawasawa, ndo maana varianzi, yaani kipimo cha jinsi hesabu zinavyopishana, ni 11.7 wakati wastani ni 2.1. Ukipiga kipimo cha uhakika cha asilimia 95 unapata kati ya kama 600 na 4,440, upana wa ajabu. Hapo upendeleo wa sampuli haupo sana, tatizo ni kwadrati chache, na haya ni mambo mawili tofauti: ungerusha kutoka kwenye kinjia hata mara 200 ungepata jibu lenye uhakika mzuri na bado la uongo.

Njia ya pili ni kukamata, kutia alama, kuachia na kukamata tena. Siku hiyohiyo mchana tuliokota tondo 200, tukawafuta tope na kuwapaka nukta ya rangi ya kucha nyekundu mgongoni, ikakauka tukawarudisha. Siku tatu baadae maji yalipotoka tukaokota 180, wenye alama 21. Kanuni ya Petersen na Lincoln inasema zidisha waliotiwa alama, M, kwa waliokamatwa mara ya pili, C, kisha gawa kwa wenye alama kati ya hao wa pili, R, sisi tukatumia marekebisho ya Chapman ya 1951 kwa sababu sampuli ikiwa ndogo ile ya kawaida inatoa jibu kubwa kupita kiasi:

```
N = (M+1)(C+1)/(R+1) - 1
N = (201 x 181)/22 - 1 = 1653
```

Hii hesabu inadai kila tondo awe na nafasi sawa ya kuokotwa, awe na alama au asiwe nayo. Kwetu haikuwa hivyo na tunao ushahidi, maana kila mtu alikuwa na ndoo yake. Mwenzetu mmoja aliokota 45, kati yao 11 wana alama. Sisi watatu wengine kwa pamoja 135, wenye alama 10. Alikiri mwenyewe kwamba nyekundu ilikuwa inamvuta jicho. Ila sio macho tu, yeye ndo alipewa upande wa kinjia na tondo wote 200 tuliwaachia palepale kwenye kinjia tukiwa tumechoka, kwahiyo hatuwezi kusema ni jicho lake au ni uvivu wetu. Vyote vinasukuma upande mmoja: wenye alama wakizidi, jibu linashuka.

Kuna mjadala ulitaka kuvunja kikundi hapa. Ukitoa ndoo yake inabaki C=135 na R=10, jibu linakuwa 2,484, karibu kabisa na ile ya kwadrati, na wawili wakasema tuandike hiyo. Mimi nilikataa. Tungekuwa tunachagua data baada ya kuona jibu gani linapendeza, na ule ukaribu wenyewe hauna maana kubwa ukikumbuka kwadrati zinaruhusu 600 mpaka 4,440. Tumeiacha 1,653 kama jibu na 2,484 tumeitaja tu kama mfano wa jinsi ndoo moja inavyotikisa hesabu.

Pia namba hizi mbili hazihesabu kitu kimoja. Kwenye kwadrati tulihesabu hadi wadogo, kwenye kuokota tulibeba waliozidi sentimita 4 peke yake kwa sababu kupaka mdogo ni kazi.

Tukirudi nukta itakaa chini karibu na mdomo wa gamba, rangi ya kahawia, tondo warudishwe kwa namba za eksel, na kila mwokotaji apewe mstari wake apite na kuokota kila anachokuta.

Jambo la mwisho tulilijua tukiwa tunaondoka. Mama mmoja anayeokota tondo pale kwa ajili ya mboga alituuliza kama sisi ndo tuliowapaka, maana siku mbili hizo alikuwa anajaza ndoo na kila akiona mwekundu anamuacha, akidhani wametiwa dawa. Ndoo yake ilikuwa ya lita 10.