Kuhusu meseji za Mama Junior

Mdogo wangu, nimeiona skrinishoti ya ugomvi wako na Mama Junior, mpangaji mwenzako mnayechangia naye Luku moja. Usimjibu usiku huu. Tiki zimeshageuka bluu, anajua umesoma. Basi alale nazo, hakuna atakayekufa.

Unaniuliza kama amekutukana. Amekutukana, ndiyo. Hilo la "wapangaji wa juzi" kaliandika likuchome. Liruke. Rudi kwenye meseji yake ya tatu, ile uliyoipita mbio: "Nimenunua wa elfu ishirini, mbona uniti zimekuja kiduchu?" Hapo mtu anauliza, na mpaka sasa hujamjibu. Ulichomwandikia ni "kama umeme unakuuma, hama", wakati nyumba yenyewe si yako na yeye ana watoto wanasoma hapo mtaani. Ugomvi umenoga kuanzia hapo.

Uniti nadhani najua zilikokwenda. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku, kwa hiyo anayewahi kununua mwezi ukianza ndiye anayeumia. Safari hii kawahi yeye, akaona uniti pungufu, akakumbuka friji lako. Na friji linakula umeme, tusidanganyane.

Kesho ukishakunywa chai, mtumie hivi:

"Shikamoo Mama Junior. Jana nilikujibu vibaya, naomba unisamehe. Nimeifikiria ile Luku ya elfu ishirini, naona huenda imekatwa kodi ya jengo. Nikitoka kazini naomba nipite tuiangalie meseji ya tokeni pamoja. Kama ni hivyo, hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, tumwombe wote wawili akurudishie. Friji ni langu, mwezi huu nitaongeza elfu tano."

Usiongeze kitu. Hasa usiweke "lakini na wewe" baada ya kuomba msamaha, maana atasoma hiyo tu. Hivyo vikatuni vya kucheka acha kabisa, na usimtumie sauti. Nakujua ukikasirika unavyoongea, hata salamu yako inasikika kama shari. Jambo la mwenye nyumba usiliondoe, ndilo litakalowaweka upande mmoja. Elfu tano itaje mwenyewe kabla hajaidai. Ukingoja aidai, itaonekana umeshindwa.

Akijibu kwa ukali, mwandikie "Nimekuelewa mama, jioni nitagonga mlango", kisha simu weka mfukoni. Asipojibu kabisa, nenda hivyo hivyo jioni. Ana kwa ana, tena mbele ya watoto wake, hatakuwa mkali kama alivyo kwenye simu.

Halafu hiyo skrinishoti usiitupie kwenye grupu la wapangaji. Najua yule wa chumba cha uani ameshakuomba aione. Mwambie mmeshaongea. Mkishapatana, mtafuteni fundi wa mita ndogo, kila mtu asome uniti zake. Ila hilo lisubiri wiki ijayo, ukilianza kesho ataona unamkimbia.