Kesi ya likelemba: rufaa inakatwaje, na kwa nini aliyehukumiwa alirudi kwake

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, Tribinali ya Amani ya Lubumbashi ilipomaliza kusoma hukumu dhidi ya mtunza hazina wa likelemba, chama cha kuchangiana fedha, cha akina mama 23 wauzaji wa soko, mmoja wao, akiwa bado ameshika mkononi daftari lake la michango lenye jalada lililochanika, aliuliza kwa sauti mlangoni: «Kama amehukumiwa, mbona anapanda teksi kurudi kwake?» Wengine walijibu haraka kwamba hakimu amepewa kitu. Hatuna ushahidi wowote wa jambo hilo, na jibu la kweli limo katika sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Hapa tunaeleza kitakachofuata, kwa sababu mtu asiyejua njia ya rufaa hupoteza haki yake kimyakimya, awe ni aliyehukumiwa au aliyedhulumiwa.

Mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la kutumia vibaya mali aliyokabidhiwa kwa uaminifu. Ilimpa kifungo cha miezi 18, ikamwagiza arudishe dola 11,500, yaani dola 500 kwa kila mwanachama, na kulipa dola 2,000 za fidia. Hukumu hiyo inaweza kupingwa, na hiyo si huruma ya hakimu, kwa kuwa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 21, inataka kila hukumu iandikwe, itolewe pamoja na sababu zake na kusomwa hadharani, na inamhakikishia kila mtu haki ya kuipinga kwa namna iliyowekwa na sheria.

Siku kumi, na jinsi ya kuzihesabu

Katika kesi ya jinai, aliyehukumiwa akiwapo ana siku 10 zinazofuata siku ya kusomwa kwa hukumu. Siku yenyewe ya hukumu haihesabiwi. Kwa kesi hii, hesabu inaanza Jumatano tarehe 15 na kufika mwisho Ijumaa tarehe 24 Oktoba, na muda huo huo unawahusu akina mama waliojiunga na kesi ili kudai fedha zao. Anayefika baada ya hapo, hata awe na hoja nzuri namna gani, anaambiwa kwamba amechelewa, na hoja zake hazisikilizwi. Parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, ina muda wake, ambao ni mrefu zaidi. Kwa hiyo aliyehukumiwa asidhani kwamba kila kitu kimetulia eti kwa sababu siku zake kumi zimepita.

Tunasisitiza hesabu hii kwa sababu hapa mjini watu wengi huchanganya kesi za jinai na kesi za madai. Mwenye mgogoro wa parseli au wa deni mbele ya hakimu wa madai ana siku 30 za kukata rufaa, nazo huhesabiwa tangu alipoarifiwa hukumu rasmi na wisye, mpeleka karatasi za mahakama. Jirani aliyeshinda kesi ya parseli kwa rufaa ya siku ya 25 anaweza kumpoteza kwa nia njema kabisa mtu mwenye kesi ya jinai.

Aliyehukumiwa bila kuwapo mahakamani yuko katika hali nyingine. Muda wake wa rufaa haukimbii tangu siku ya hukumu, bali tangu siku aliyoarifiwa rasmi. Zaidi ya hayo, anaweza kwanza kurudi mbele ya mahakama ile ile iliyomhukumu, katika siku 10 baada ya kukabidhiwa karatasi mkononi, akaomba kesi isikilizwe upya naye akiwapo. Njia hiyo mawakili wanaiita opozisio, na si rufaa. Katika kesi ya likelemba haitumiki, kwa kuwa mshtakiwa alihudhuria vikao na alikuwapo hukumu iliposomwa.

Mlango wa kwanza ni grefi

Rufaa haianzi kwa hotuba wala kwa barua ya malalamiko kwa gavana. Inaanza kwenye grefi, ofisi ya karani wa mahakama iliyotoa hukumu, ambako mhusika mwenyewe, au avoka mwenye uwezo wa kumwakilisha, anatangaza kwamba anapinga hukumu fulani, ya tarehe fulani, yenye namba fulani ya kesi. Karani anaandika akti, wote wawili wanatia sahihi, na mwenye rufaa anapaswa kuondoka na nakala. Siku ile hahitaji kuwa na hoja zake zote tayari; cha lazima ni tangazo lenyewe liwe limeandikwa ndani ya muda. Aliye gerezani Kasapa anaweza kutoa tangazo lake kupitia uongozi wa gereza. Tunawaomba ndugu wa wafungwa waulizie mapema na kwa jina kama karatasi hiyo imeandikwa na imefika kwenye grefi, badala ya kutegemea ahadi ya mdomo.

Kuhusu gharama, kila ada halali ina risiti, na anayeombwa fedha bila risiti ana haki ya kuidai. Asiye na uwezo anaweza kuomba cheti cha umaskini ili asamehewe ada, na baro, chama cha mawakili, inatakiwa kisheria kuwa na ofisi ya ushauri wa bure. Hukumu huandikwa kwa Kifaransa. Mwombe avoka au karani akusomee kwa Kiswahili sehemu ya mwisho, ile yenye uamuzi, kabla hujaamua lolote.

Rufaa hii haiendi Korti ya Rufaa

Hapa ndipo jina linapowapotosha wengi. Kosa hili lina adhabu isiyozidi kifungo cha miaka 5, na sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mpangilio wa mahakama inayapeleka makosa ya kiwango hicho kwenye tribinali ya amani, ambayo hapa mjini tunaiita tripe. Hukumu za tripe hupingwa mbele ya TGI, tribinali kuu iliyo juu yake moja kwa moja. Korti ya Rufaa ya Haut-Katanga hupokea rufaa za kesi zilizoanzia TGI, yaani makosa yenye adhabu ya zaidi ya miaka 5 au adhabu ya kifo. Basi akina mama wa likelemba wasiende kutafuta faili lao mahali pasipo.

Kwa nini hakupelekwa Kasapa siku ile ile

Muda wa rufaa, na rufaa yenyewe ikishakatwa, kwa kawaida husimamisha utekelezaji wa hukumu. Kifungo kinangoja, na malipo pia yanangoja. Sababu yake inaeleweka. Ikiwa mahakama ya juu itaona kwamba mtu hana hatia, hakuna atakayeweza kumrudishia miezi aliyokaa ndani. Hata hivyo, hakimu anaweza kuamuru aliyehukumiwa akamatwe papo hapo ikiwa kuna hofu kwamba atakimbia adhabu, na mtu ambaye tayari alikuwa kizuizini haachiliwi kwa sababu tu amekata rufaa. Mtunza hazina alikuwa huru wakati wote wa kesi na hakimu hakuamuru akamatwe. Alirudi kwake kwa sababu hiyo, na kurudi kwake hakumfutii hatia aliyotiwa wala hakumwondolei deni aliloamriwa kulipa.

Kwa sababu hiyo pia gazeti hili haliandiki kwamba yeye ni mwizi. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe na hukumu isiyoweza kupingwa tena. Tunafahamu kwamba neno hilo linawauma waliopoteza akiba ya mwaka mzima, na tunalishika hata hivyo.

Nani amekata rufaa, na juu ya nini

Jambo hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo lisiloelezwa mara nyingi. Mahakama ya rufaa haichukui kesi nzima na kuifanyia inavyotaka, bali hutazama kile kilicholetwa na aliyekileta.

Ikiwa mtunza hazina peke yake ndiye atakayekata rufaa, TGI inaweza kuthibitisha ile miezi 18, kuipunguza, au kumwachilia kabisa. Haiwezi kuiongeza, kwa kuwa mtu hawezi kuadhibiwa zaidi eti kwa sababu alitumia haki yake. Ikiwa ni akina mama peke yao, rufaa yao inahusu fedha tu. Wanaweza kusema kwamba dola 2,000 za fidia hazitoshi, wakaleta madaftari yao na kuonyesha hasara waliyopata, lakini hawawezi kuomba kifungo kirefu zaidi, kwa maana adhabu ni jambo la jamii nzima na anayeisemea jamii mbele ya mahakama ni parke. Parke yenyewe ikikata rufaa, ndipo adhabu inapoweza kupanda, kushuka au kuondolewa.

Kutokana na hayo, mwanachama aliyetuambia kwamba «tutakata rufaa apewe miaka mitano» anahitaji kwanza kwenda kuzungumza na prokirere, mkuu wa parke. Rufaa yake binafsi haina nguvu hiyo, hata akilipia avoka bora wa mji huu.

Mbele ya majaji wa pili

TGI husoma faili lote na kuwasikiliza wahusika kuhusu mambo yaliyotokea na kuhusu sheria pia. Ushahidi mpya unaweza kuletwa. Katika kesi hii, orodha za michango ambazo hazikuwasilishwa tripe zinaweza kuwa na maana kubwa, na kila mwanachama atafanya vyema kulitunza daftari lake katika hali liliyo nayo sasa, bila kuongeza wala kufuta mstari hata mmoja. Mwishoni majaji wanaweza kuithibitisha hukumu, kuibadilisha kwa sehemu, au kuifuta na kuamua wenyewe.

Baada ya hapo inabaki Korti ya Kasasio, Kinshasa, ambayo wazee bado wanaiita Korti Supreme, ingawa Katiba ya 2006 iliigawa ile korti ya zamani katika taasisi tatu. Kasasio si rufaa ya pili. Haihesabu upya dola wala haiwaiti mashahidi, bali inachunguza tu kama sheria ilifuatwa, na ikiona haikufuatwa inaweza kuifuta hukumu na kuirudisha kesi isikilizwe tena.

Hadi tunachapisha toleo hili, avoka wa mtunza hazina alikuwa ametuambia kwamba mteja wake atakata rufaa kabla ya Ijumaa tarehe 24 Oktoba. Parke haikuwa imetangaza uamuzi wake, na akina mama walikuwa wamepanga kukutana Jumapili baada ya misa ili kukubaliana nani ataenda kwenye grefi kwa niaba yao.