Karatasi ya Khalati: dawa zake na namna ya kumtunza nyumbani

Assalaam aleikum Dada Zuhura, nawe Kaka Salim, na nyote mlio na Khalati huko Kisauni.

Picha za karatasi ya hospitali nimezipata, pamoja na ile ya mkebe wa dawa ulio juu ya friji. Nawaandikia kwa urefu ili pasiwe na wa kubahatisha saa nane za usiku. Zuhura, msomee na Kadzo pia, maana mchana yeye ndiye anayebaki naye.

Nianze na huo mkebe, kwa sababu ndio unaonitia hofu kuliko ugonjwa wenyewe. Tangu Khalati alipotoka Jumanne tarehe 9, dawa zake ni zile sita zilizoandikwa kwenye karatasi mpya basi. Kwenye mkebe nimeona Enalapril. Hiyo imesimamishwa, daktari ameandika "STOP enalapril – cough", yaani ndiyo iliyokuwa ikimletea kile kikohozi kikavu mlichodhani ni vumbi. Losartan imeshika nafasi yake, na hizo mbili hazinywewi pamoja. Nimeona pia Lasix. Lasix na Furosemide ni dawa moja, ila jina la kiwandani limebadilika. Mkimpa zote mbili atakauka maji, presha itashuka na anaweza kuanguka bafuni. Na ile Diclofenac ya magoti, itoeni leo leo. Inazuia maji yasitoke mwilini na inaumiza figo, na sitashangaa kama ndiyo iliyochangia kumfikisha wodini. Magoti yakimuuma mpeni Paracetamol za mg 500, mbili kwa wakati mmoja, isizidi mara tatu kwa siku. Akienda mtu kemisti kumnunulia chochote, hata cha mafua, aseme kwanza kuwa mgonjwa ana moyo.

Mkebe wote tieni kwenye mfuko, mje nao kliniki. Msiuache pale juu. Khalati anajua dawa zake kwa rangi, na mkono wake utakwenda kwenye zile alizozizoea.

Sasa karatasi yenyewe. Pale juu pameandikwa "CCF, HTN, T2DM". Mbili za mwisho mnazijua, presha na sukari. CCF ndiyo mpya: moyo umechoka, hausukumi damu kwa nguvu inayotakiwa, basi maji yanarudi nyuma na kujaa miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Ndiyo sababu alikuwa akilala ameegemea mito mitatu na viatu vikimbana. Haukuwa uzee.

Salim, umeuliza kuhusu "EF 35%". Haina maana kwamba moyo umebaki asilimia 35. Kila unapopiga, moyo hutoa sehemu tu ya damu iliyomo ndani, na hata moyo mzima hautoi yote. Hutoa kama asilimia 55 hadi 70. Wa Khalati unatoa 35. Ni udhaifu wa kweli, siwafichi, lakini dawa hizi zikinywewa sawasawa kiwango hicho mara nyingi hupanda baada ya miezi. Yule jirani aliyesema "moyo umekufa nusu" mwambieni asante kwa kuja kumjulia hali.

Herufi zilizo mbele ya dawa: OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, nocte ni usiku. Kwa saa zetu, mpangilio ni huu:

Saa 2 asubuhi, akishakula: Furosemide 40 mg kidonge kimoja, Losartan 50 mg kimoja, Spironolactone 25 mg kimoja, Metformin 500 mg kimoja, na Carvedilol nusu.

Saa 8 mchana: Furosemide kimoja peke yake.

Saa 2 usiku, akishakula: Metformin kimoja na Carvedilol nusu.

Akienda kulala: Atorvastatin 20 mg kimoja. Hiyo ni ya mafuta ya damu, haina mengi.

Mtaona dawa tatu zimeandikwa BD, lakini Furosemide nimeiweka asubuhi na mchana. Si makosa. Inaanza kumkojoza ndani ya saa moja na kazi yake huchukua kama saa sita. Mkimpa usiku atakesha njiani kwenda chooni, na kwenye ile ngazi yenu ya choo ndiko wazee wanakovunjikia nyonga. Mkisahau ya mchana hadi alasiri imeshapita, iacheni, endeleeni na ya kesho. Dawa yoyote iliyosahaulika haifidiwi kwa kumpa mbili.

Kuhusu nusu ya Carvedilol: daktari ameandika 6.25 mg, famasi wametoa vidonge vya 12.5 mg. Kina mstari katikati, kikateni kwa kisu kikavu, nusu iliyobaki ndiyo ya usiku. Kidonge kizima ni dozi maradufu. Dawa hii hupunguza mbio za moyo, kwa hiyo wiki za mwanzo anaweza kujihisi mlegevu. Aketi ukingoni mwa kitanda kwanza, kisha asimame. Msiikatishe ghafla kwa sababu ya huo ulegevu. Lakini mashine ikionyesha namba ya juu ya presha iko chini ya 90, au mapigo chini ya 50, msimpe, nipigieni.

Losartan na Spironolactone zina jambo lao. Zote mbili hubakisha potasiamu mwilini, na potasiamu ikizidi moyo hupiga ovyo bila ya kumwonya mtu. Kwa hiyo madafu basi kwa sasa. Najua nyumba hiyo mgonjwa hawezi kuingia asipewe dafu, na kwa mwingine lingekuwa dawa, ila kwa Khalati lina potasiamu nyingi mno. Ile chumvi ya "watu wa presha" inayouzwa supamaketi nayo ni potasiamu, msinunue. Na ndiyo sababu mwisho wa karatasi pameandikwa "UEC 1/52". Hicho ni kipimo cha damu cha figo na potasiamu, na 1/52 ni wiki moja: Jumanne tarehe 16. Halafu "TCA 2/52" ni kurudi kliniki baada ya wiki mbili, tarehe 23. Ni safari mbili. Watu wengi huona hiyo ya pili tu, wakafika kliniki bila majibu ya damu, daktari akashindwa kuongeza wala kupunguza dawa. Siku hizo mbili Furosemide ya asubuhi anaweza kuinywa akirudi nyumbani, mradi iwe kabla ya saa 8, asije akateseka kwenye matatu pale Kongowea. Nyingine anywe kama kawaida. Dawa mlizopewa ni za siku 14 tu, msisubiri ziishe ndipo mtafute.

Uzito. Aliingia na kilo 78, ametoka na 71.5. Hizo sita na nusu zilikuwa maji, si nyama, kwa hiyo wageni wasimlilie kuwa amekonda. Kila asubuhi akishatoka chooni, kabla hajanywa chai, apande mzani akiwa na kanga moja. Andikeni kwenye kalenda ya ukutani. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, hata kama yeye anasema hajambo, nipigieni siku hiyo hiyo. Maji huonekana kwenye mzani kabla hayajaonekana miguuni. Salim, nunua mzani wa dijitali, ule wa mshale unadanganya.

Maji ya kunywa ni lita moja na nusu kwa siku, na hesabu hiyo ina chai, uji, supu na maziwa ndani yake. Kadzo afanye hivi: asubuhi ajaze chupa ya lita moja na nusu. Maji ya Khalati yatoke humo tu. Akinywa kikombe cha chai, kikombe hicho hicho cha maji kimwagwe kutoka kwenye chupa, mtu mwingine ayanywe. Chupa ikiisha, siku imeisha. Kiu ikimsumbua asukutue mdomo au anyonye kipande cha ndimu. Akiharisha au kutapika hesabu hii haifanyi kazi tena. Nipigieni kabla ya kumpa dozi inayofuata, kwa sababu Furosemide, Losartan, Spironolactone na Metformin huenda zikasimamishwa kwa muda.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kilicho sawa kwa siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vile viungo vya mchuzi vya pakiti. Papa mkavu, ng'onda na achari, aviache. Samaki wa kupaka mpikieni, tui jepesi, mumwekee ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Siku tatu za kwanza atalalamika kwamba chakula hakina ladha, na atamtuma mjukuu jikoni amletee kichupa. Mkataeni kwa heshima.

Na kufunga. Amenitumia salamu kwamba anataka kuendelea na Jumatatu na Alhamisi zake. Khalati, wewe ndiye uliyetusomesha aya ya 184 ya al-Baqara, mgonjwa anahesabiwa siku nyingine, na hizi ni sunna tu. Vidonge vya kutoa maji na saumu kwenye joto hili havikai pamoja. Tutamuuliza daktari tarehe 23.

Sasa ya haraka. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akitoa povu la rangi ya waridi, kifua kikimbana, akizimia, akichanganyikiwa, au moyo ukienda mbio usitulie, msinipigie mimi kwanza. Mkimbizeni Makadara, akiwa ameketi, msimlaze kwenye gari. Karatasi hii na vidonge vyake viwe ndani ya mfuko mmoja karibu na mlango, pamoja na kitambulisho chake. Daraja la Nyali mnalijua lilivyo jioni, basi hali ikianza kubadilika alasiri msingoje foleni ipungue.

Yasiyo ya dharura, kama mito kuongezeka, miguu kuvimba, kikohozi kipya cha usiku au kizunguzungu, niulizeni mimi. Niko zamu ya mchana hadi Ijumaa, simu naiangalia saa saba. Zuhura, kila asubuhi nitumie namba tatu tu: uzito, presha na mapigo. Ya leo bado sijaipata.

Wasalaam,
Mdogo wenu Mwanasha