Mguu Mmoja Mkwakwani, Mwingine Msimbazi

Hapa Tanga mjini ukimuuliza mtu anashabikia timu gani, jiandae kupewa majibu mawili. La kwanza ni Coastal Union, au African Sports kama nyumba yao ni ya upande huo. La pili ni Simba au Yanga. Hakuna anayeshangaa. Timu ya nyumbani unazaliwa nayo, wale wakubwa wa Dar es Salaam ni wa kutambia kijiweni. Mimi ni Coastal wa Mkwakwani na Simba wa Msimbazi, na miaka yote nilidhani faida ya kuwa na timu mbili ni kupata mechi nyingi za kutazama.

Fainali ya Kombe la Shirikisho la mwaka 2022 ndiyo iliyonionyesha faida nyingine. Coastal na Yanga, Jumamosi ya tarehe 2 Julai, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Yanga walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa ligi bila kupoteza hata mechi moja. Kwenye nusu fainali, kule Kirumba Mwanza, walikuwa wameitoa Simba yangu kwa bao 1-0. Kwa hiyo nilipoingia kwenye kibanda umiza cha Ngamiani siku ile nilikuwa na kesi mbili mkononi, ingawa mdomoni nilikuwa natangaza moja tu: leo ni Coastal, Wagosi wa Kaya.

Nilikaa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mtanga wa kuzaliwa na Yanga wa kufa. Joto la kibanda kile mnalijua, feni moja, watu mabenchi yote mpaka mlangoni. Abdul Suleiman, huyo Sopu, akaifanya fainali ile kuwa ya kwake. Dakika 90 ziliisha 2-2, za nyongeza zikaisha 3-3, na mabao yote matatu ya Coastal ameyafunga yeye peke yake. Kufunga matatu kwenye fainali, tena dhidi ya timu iliyomaliza ligi nzima haijafungwa! Bao la tatu lilipoingia nilisimama juu ya benchi na kupiga kelele kwa nguvu zangu zote. Sikuita Sopu wala Coastal. Nilichopayuka ni lile jina ambalo sisi Simba huwakejeli nalo Yanga: "Utopolo, leo mtajua!"

Shemeji aliniangalia. Mbele yangu alikuwa amekaa mzee mmoja anayeuza kahawa na kashata mitaa ya kwetu, naye aligeuka akaniangalia, kisha akarudisha macho kwenye luninga. Wakati ule sikujali.

Yanga wakasawazisha, tukaenda kwenye matuta, na matuta yakaisha 4-1. Kibanda kikagawanyika palepale: nusu wanarukaruka, nusu wanatafuta kandambili zao. Mimi nilikuwa wa kwanza wa ile nusu ya pili. Mzee wa kahawa hakutoka. Alikaa akatazama medali zikivalishwa, kombe likinyanyuliwa, vikaratasi vinavyorushwa, mpaka mwenye kibanda alipobadilisha chaneli.

Jumatatu nikafungua duka. Nauza vipuri vya baiskeli, na duka la vipuri Tanga halina tofauti na baraza. Watu huja kununua mpira wa breki wakakaa saa nzima. Akaingia mteja wa kwanza, Yanga, akaanza: "Vipi Kolo, nusu fainali tumekupiga, fainali tumemalizia." Nikamjibu bila hata kufikiri kwamba mimi ni Coastal, na timu ya mkoa imewafunga matatu, wajiulize. Akacheka akaondoka. Haukupita muda akaja mwingine, huyu Simba mwenzangu, asiye na habari na Coastal, akasema timu yenu ya nyumbani imefika fainali haijui hata kupiga penalti. Huyo naye nikamjibu bila kufikiri: mimi ni Simba bwana, tumetoka kubeba ubingwa mara nne mfululizo, hayo ya Coastal waulize wenyewe.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, ananisaidia kukaza spoku za gurudumu la mteja. Aliinua kichwa akauliza, polepole kabisa, "Hivi shemeji, wewe huwa unafungwa lini?"

Nilicheka, naye akaendelea na spoku zake. Lakini swali lilikataa kutoka dukani. Jumamosi ile timu zangu zote mbili zilikuwa zimepoteza kombe lilelile kwa adui yuleyule, na mimi kufika Jumatatu mchana nilikuwa sijafungwa na mtu. Kila aliyekuja kunidai maumivu alinikuta nimehamia nyumba ya pili.

Na si kwenye mpira tu, hapo ndipo niliponyong'onyea. Mwaka mmoja nyuma niligombea uenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikashindwa kwa kura nyingi. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba afadhali, maana duka lisingenipa nafasi. Hilo duka lilikuwepo wakati nachukua fomu.

Watu wengi wanadhani mshindwaji mbaya ni yule anayetukana refa na kupiga meza. Mimi situkani refa. Nampa mkono aliyenifunga, nampongeza, tena kwa maneno mazuri, na kwa sababu hiyo nimekuwa nikisifiwa ustaarabu. Ustaarabu gani, wakati ninayempa mkono anakuwa kamshinda mtu ambaye mimi nimeshaacha kuwa?

Siku chache baadaye nilimkuta yule mzee barazani na dele lake. Watu walikuwa wanafarijiana kwa maneno tuliyokuwa tunayarudia mji mzima wiki ile: tumefungwa kwa heshima, 3-3 na Yanga si mchezo, Tanga tumeonekana. Mzee akamimina vikombe mpaka mwisho, kisha akasema, "Kombe wamechukua wao. Mimi inaniuma."

Basi. Hakuongeza lawama kwa refa, wala hakutukumbusha mwaka 1988, Coastal ilipokuwa bingwa wa nchi, ingawa yeye mwaka ule aliuona kwa macho yake na angekuwa na haki ya kujifunika nao. Miaka yote niliyokaa vijiweni nimesikia watu wazima wakitukanana kwa ajili ya mpira, wakisusiana, hata wakinyimana salamu. Mtu mzima kusema "inaniuma" halafu akanyamaza, sikumbuki. Nilimuuliza kwa nini yeye hana timu ya Dar kama wengine. Akanijibu kwa swali, "Ya nini mwanangu? Hii moja hainitoshi kuniumiza?"

Mwaka haukuisha, Sopu akawa Azam, na Septemba kocha wetu Juma Mgunda akachukuliwa na Simba. Wenzangu wa Coastal walinuna. Mimi furaha ilinipanda kabla sijajizuia: kocha wangu kaenda kwenye timu yangu. Nyumba mbili zimetobolewa mlango wa ndani, sasa hata mvua hainipati nikihama.

Simba sijaiacha, na siwezi kusema uongo kwamba nitaiacha. Nilichobadilisha ni kitu kidogo, nacho kinanipa tabu kuliko nilivyotegemea: nikitaniwa kwa Simba najibu kama Simba, nikitaniwa kwa Coastal najibu kama Coastal, na kama sina jibu, nasema kweli mmetufunga. Maongezi ya dukani yamekuwa mafupi. Shemeji ndiye analalamika zaidi. Anasema zamani alikuwa akija kunitania anapata mchana mzima, siku hizi anaambiwa "kweli mmetufunga" hata kigoda hakijapata joto.