Mkataba wa ruzuku ya mwani, muhtasari kwa Maalim

Maalim asalaam alaykum, mkataba nshausoma wote kurasa 31 na viambatisho vyake, hapa nakuandikia yanayokugusa wewe huko Micheweni tu, ya bima na mahakama niachie mimi.

Pesa ni yuro 84,000 kwa miezi 18, kuanzia 1 Februari 2026 mpaka 31 Julai 2027. Zinakuja mara tatu, na awamu ya pili haitoki mpaka tutumie asilimia 70 ya ile ya mwanzo na ripoti yake ikubaliwe, yaani ukichelewa wewe tunakwama sote.

Ruhusa kununua kamba, taitai, pegi, vichanja vya kuanikia, kulipia mafunzo ya kinamama, mafuta ya boti (lakini na daftari la safari, sio risiti peke yake), mishahara ya wale watatu waliomo kwenye bajeti, na asilimia 7 ya uendeshaji wa ofisi. Kuhamisha pesa fungu moja kwenda jengine unaweza mpaka asilimia 10 bila kuomba, ila mishahara haiongezeki hata senti bila ya barua ya wafadhili. Kitu cha zaidi ya yuro 1,000 kotesheni tatu, na usinunue nusu leo nusu kesho kuzikwepa, hilo wamelitaja wazi. Hawalipi ardhi, faini, madeni ya zamani, wala posho za wageni wa ufunguzi, na hapo najua utaulizwa, bora useme mapema.

Ripoti ya fedha kila miezi mitatu, siku 30 baada ya robo kuisha, ya kazi kila miezi sita, ya mwisho siku 60 baada ya mradi. Odita kila mwaka, karatasi zote tunaweka miaka 7. Ukisikia wizi au hata tetesi yake, tuna siku 5 za kazi kuwaarifu, kwa hiyo nipigie siku hiyohiyo, usisubiri upate uhakika.

Sasa kurejesha. Tunarejesha zilizobaki, riba ya benki, na kila matumizi odita atakayoyakataa. Boti ikiuzwa au ikikodishwa kwa harusi tunalipa thamani yake. Risiti moja ikionekana kwa wafadhili wawili, hiyo wanaiita udanganyifu na wanaweza kudai ruzuku nzima. Tunapewa siku 30 tu, na tunalipa kwa yuro, shilingi ikishuka hasara ni ya jumuiya, mradi hauibebi.

Kifungu cha 6 ndo kinanitia wasiwasi, matumizi yanahesabika ikiwa kitu kimelipwa na kimepokelewa ndani ya muda. Ukilipa Julai mzigo ukashuka Wete Agosti, imekula kwetu. Na ile mashine ya boti uloilipia Januari, Maalim, hiyo haimo, nitafutie risiti yake tuipeleke kwenye pesa za jumuiya kabla ya ripoti ya mwanzo.