Prompti: aikoni 12 za programu ya mnada wa samaki, Kilwa Kivinje

Chora seti moja ya aikoni 12 kwa ajili ya programu ya simu itakayotumiwa na wavuvi, madalali na mama wachuuzi wa samaki wa Kilwa Kivinje. Wengi wataifungua ufukweni jua likiwa kali, kwenye simu za bei nafuu zenye skrini iliyokwaruzika, mkono mmoja ukiwa na maji ya chumvi. Wapo watakaosoma picha kabla ya maandishi, na wapo watakaosoma picha tu. Kwa hiyo aikoni zote zionekane zimetoka kwenye kalamu moja, na kila moja itambulike kwa mtazamo mmoja.

Toa jibu kama faili moja ya SVG, si picha ya PNG. Zichore zote 12 kwa pamoja, ndani ya jibu hilihili, ili uamuzi wa aikoni ya kwanza ufuatwe hadi ya mwisho.

Kila aikoni ikae kwenye mraba wa vipimo 24 kwa 24. Unene wa mstari ni 2, kwa kila mstari, kwenye kila aikoni: mwili wa chombo, jicho la samaki, ndoano, wimbi, vyote 2. Usiweke mstari mwembamba kwa ajili ya urembo wala mnene kwa ajili ya msisitizo. Miisho ya mistari na kona ziwe za mviringo. Usijaze rangi ndani ya umbo lolote, na usiweke kivuli, mng'ao, wala mchanganyiko wa rangi unaofifia. Wino wote uishie vipimo 2 kutoka ukingoni. Kwa kuwa nusu ya unene wa mstari hutoka nje ya njia yake, njia zenyewe zipite kati ya 3 na 21. Nafasi tupu kati ya mstari na mstari isipungue 2, maana chini ya hapo mistari huungana na kuwa doa pale aikoni inapoonyeshwa kwa ukubwa wake halisi.

Umbo likigoma kuenea, punguza umbo, usipunguze mstari. Kanuni hii iko juu ya nyingine zote. Pweza ana mikono minane, lakini hapa mchoree minne. Dema lina matundu mengi, lakini hapa litoshe kwa tundu moja.

Rangi ni mbili tu. Bluu ya kina #12355B ndiyo ya msingi. Chungwa #D9651B ipakwe kwenye sehemu moja tu ya kila aikoni, ile inayobeba maana yake. Mandhari ni nyeupe. Aikoni isipoteze maana hata ikichapishwa kwa wino mweusi mtupu; yaani rangi isaidie jicho, isiwe ndiyo tofauti pekee kati ya aikoni mbili.

Ukubwa uonekane sawa kwa macho, si kwa rula peke yake. Umbo la duara, wino wake ufike kipenyo cha 20. La mraba liishie 18. Lililosimama liwe 16 kwa 20, na lililolala 20 kwa 16. Bila hivyo mraba huonekana mkubwa kuliko duara la kipimo kilekile. Vitu vyote vitazamwe kutoka ubavuni, isipokuwa dema, ambalo hutambulika vizuri zaidi likitazamwa kutoka juu, na bonge la barafu, ambalo huonyesha pande tatu.

Aikoni zenyewe ni hizi.

Ngalawa: mwili mrefu mwembamba, mlingoti mmoja, foromali iliyolala mshazari, na tanga moja la pembe tatu linaloning'inia humo. Tanga ndilo la chungwa. Usichore mashua ya kitalii yenye matanga mawili pande mbili za mlingoti. Mvuvi wa Kivinje ataitazama kama chombo cha wageni.

Dema: umbo la pembe tano, mlango unaoingia ndani upande mmoja, na tundu moja la pembe sita katikati. Mlango uwe wa chungwa.

Wavu: nusu duara lililo wazi upande wa juu, mistari miwili ya mshazari inayokatana ndani yake, na boya la chungwa juu.

Mshipi: mstari unaoshuka wima na kuishia kwenye ndoano. Ndoano ni ya chungwa.

Samaki: mwili wa yai lililolala, mkia wa pembe mbili, jicho la nukta moja la chungwa. Nukta hiyo ni mstari usio na urefu wenye miisho ya mviringo, ili kipenyo chake kiwe 2 kama mistari mingine.

Pweza: kichwa cha duara na mikono minne, miwili kila upande, ncha zikijikunja kwa nje. Kichwa ni cha chungwa.

Barafu: bonge la mraba lenye pande tatu zinazoonekana, upande wa juu ukiwa wa chungwa. Usichore chembe ya theluji. Hapa barafu ni bonge linalovunjwa na kumwagwa juu ya samaki.

Mizani: ile ya kuning'iniza, yenye uso wa duara, mshale ndani na kulabu chini. Mshale ni wa chungwa.

Mnada: puto la maneno lenye kishale cha chungwa kinachopanda. Nyundo ya mahakamani isiingie, kwa sababu dalali wa ufukweni huuza kwa sauti yake.

Bamvua na maji mafu ni jozi, na zinahitaji uangalifu kuliko zote, kwa sababu ndizo zitakazomwambia mtu kama kesho mwamba utakauka vya kutosha kwenda kutafuta pweza. Bamvua huja mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yakijaa sana na kutoka mbali sana. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, na kupanda na kushuka kwa maji kukawa kudogo. Tofauti hiyo ionekane kwenye umbali kati ya mawimbi mawili. Bamvua iandikwe hivi hasa, ikiongezewa `translate` ya kuiweka mahali pake tu:

```
<g id="bamvua" fill="none" stroke="#12355B"
   stroke-width="2" stroke-linecap="round"
   stroke-linejoin="round">
  <circle cx="12" cy="6" r="3" stroke="#D9651B"/>
  <path d="M3 14q2.25-2 4.5 0t4.5 0 4.5 0 4.5 0"/>
  <path d="M3 20q2.25-2 4.5 0t4.5 0 4.5 0 4.5 0"/>
</g>
```

Maji mafu yafuate msimbo huohuo, ila wimbi la juu lishuke hadi 15, na mwezi uwe nusu duara la upande wa kulia lisilofungwa. Ukilifunga kwa mstari wa wima, nafasi ya ndani itabaki 1 na mwezi utageuka kidonge. Kundi hili la `bamvua` ndilo kipimo cha seti nzima: mstari wa aikoni yoyote ukiwekwa kando yake usionekane mgeni.

Malipo: simu iliyosimama, alama ya vema ya chungwa ndani yake. Pasiwe na nembo ya kampuni yoyote ya simu wala alama ya fedha.

Panga aikoni safu tatu, nne kila safu, kwa mfuatano niliouandika, kwenye `viewBox="0 0 136 104"`. Nafasi kati yake ni 8, na pembezoni 8 pande zote. Kila kundi lipewe `id` kwa jina lake, herufi ndogo, na jina la maneno mawili liunganishwe kwa kistari: `maji-mafu`. Kuziweka mahali pake tumia `translate` peke yake. Usitumie `scale` popote, kwani inakuza au kupunguza unene wa mstari pamoja na umbo, na seti itavurugika ilhali msimbo bado unasoma 2. Rangi ziandikwe moja kwa moja kwenye `stroke`, si kwa `class`, ili faili ifunguke sawasawa hata kwenye vifaa visivyosoma mitindo ya CSS.

Pasiwe na maandishi ndani ya mchoro, fremu kuzunguka aikoni, wala maelezo kabla au baada ya msimbo. Leta SVG tu, ikianza na `<svg` na kuishia na `</svg>`.