Maelezo binafsi: kwa nini naomba kusoma agronomia SUA

Naomba nafasi ya shahada ya agronomia. Nimekulia Kongwa, nyumbani tunalima mahindi, mtama na alizeti, na niseme mapema kwamba kilimo cha kwetu sio kitu cha kukisifia, kuna mwaka mvua inakata mwezi wa pili mahindi ndo kwanza yanatoa mbelewele, hapo baba anauza mbuzi tunanunua unga, maisha yanaendelea.

Watu wanasema Dodoma hakuna mvua. Mvua ipo, milimita kama 500 hadi 600 kwa mwaka, shida inapiga kwa nguvu siku chache alafu inapotea wiki kadhaa. Na shamba likilimwa na trekta la kukodi kina kilekile kila msimu chini panajengeka tabaka gumu, maji hayaingii, yanakimbilia korongoni na udongo wa juu. Nimelichimba lile tabaka kwa sululu, mizizi ya mahindi ikifika pale inapinda pembeni kama imegonga sakafu. Mimi na kaka tukainua matuta upande mmoja tu wa shamba, maana ni kazi ya mkono na mgongo unauma kwelikweli, tukayafunga kila baada ya hatua chache maji yatuame. Mvua ilipokata mtama wa upande ule ulibaki kijani, ila kwenye kibonde maji yalituama mno ukawa njano. Kwa hiyo nataka kujua vipimo, udongo gani, kina gani, nafasi gani.

Kingine ni kiduha. Kinanyonya mizizi ya mahindi na mtama kabla hakijatokeza juu, ukiona maua yake hasara ishaingia, na mche mmoja unamwaga maelfu ya mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Bibi anasema ardhi imechoka na yuko sahihi kabisa, kiduha kinashamiri kwenye udongo uliopungukiwa naitrojeni. Nimesoma kwamba kupanda kunde kunasaidia, mizizi yake inaziotesha mbegu za kiduha zinakosa pa kunyonya zinakufa. Nikamwambia mama, akaniuliza, "Sasa mwaka huo wa kunde ugali tutasaga nini?" Sikuwa na jibu na bado nalitafuta, sababu ushauri wowote usiojibu hilo kwetu hautafuatwa hata uwe mzuri vipi.

Form six nimesoma CBG, kemia ndo somo ninalolipenda zaidi. Nikimaliza nataka kazi ya ugani kwenye wilaya kavu kama Kongwa, Bahi au Mpwapwa, na mshahara nauhitaji pia, wadogo zangu bado wako shule. Kwenye mafunzo ya vitendo ningeomba kupelekwa TARI Hombolo wanakofanya utafiti wa mtama na uwele.